Shajara ya mradi: kichujio cha masikio kwa Kiswahili, Mjini Unguja

Siku ya 1. Tunachopima

Mradi huu unatengeneza sauti za Kiswahili za kupimia umakini wa kuchagua: mtu anapewa sauti mbili kwa wakati mmoja, kila sikio na yake, anaambiwa ashike moja, kisha tunatazama nini kimepata njia kutoka upande wa pili. Njia hii ni ya Colin Cherry, mwaka 1953. Yeye aliwataka watu warudie kwa sauti, neno kwa neno, maneno ya sikio moja huku sikio jengine likisomewa maandishi mengine. Hapa tutaita kazi hiyo kufuatiza. Waliofuatiza waligundua upande wa pili ulipobadilika kutoka sauti ya mwanamume kuwa ya mwanamke, au ulipopigwa mlio mtupu. Lakini msomaji alipohama kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hawakujua, wala hawakuweza kutaja maneno yaliyokuwa yakisomwa huko.

Kutokana na matokeo kama hayo Donald Broadbent, mwaka 1958, alieleza kichujio cha mapema: sauti zinachaguliwa kwa sifa zake za nje (sikio gani, ni ya juu au ya chini, nzito au nyepesi), na zilizoachwa hazifiki kwenye maana kabisa. Anne Treisman alikilegeza: kichujio hakifungi, kinapunguza, na neno lililopunguzwa linaweza kutambulika ikiwa kizingiti chake, yaani nguvu ya sauti inayotosha kulitambua, ni cha chini. J. Anthony Deutsch na Diana Deutsch, mwaka 1963, wakakihamishia mwisho: maneno yote yanatambuliwa kwa maana, na uchaguzi unafanyika baadaye, pale mtu anapoamua ajibu lipi na akumbuke lipi.

Kila anayesoma habari hizi anataka kuanza na jaribio la jina. Ni lile jambo la Forodhani baada ya magharibi: umezama kwenye mazungumzo na mwenzako, makelele ya wauza mishikaki hayakuhusu, na ghafla jina lako likitajwa meza ya tatu unageuka. Neville Moray alilipima mwaka 1959 na karibu theluthi moja ya watu wakasema wamelisikia. Noelle Wood na Nelson Cowan walilirudia kwa uangalifu zaidi mwaka 1995 wakapata asilimia 34.6.

Tumeamua jaribio la jina lisiwe uti wa mgongo wa mradi, na sababu inafaa iandikwe mapema. Theluthi mbili wasiosema wamesikia wanaweza kuwa hawakulitambua jina hata kidogo, kama asemavyo Broadbent. Wanaweza pia kuwa wamelitambua kikamilifu na likafutika kabla hatujawauliza, na hilo ndilo wanalolitegemea akina Deutsch. Swali likiulizwa baada ya sauti kwisha, kutokusikia na kusahau vinatoa jibu lile lile, "sikusikia". Kwa hiyo kipimo kikuu kitakuwa cha papo hapo: mtu anafuatiza sikio la kulia, na akisikia neno fulani katika sikio lolote lile, anabonyeza. Treisman na Gina Geffen walifanya hivyo mwaka 1967. Maneno ya upande uliofuatizwa yalijibiwa asilimia 87, ya upande wa pili asilimia 8.

Siku ya 2. Kipasha moto: "Mpe mama chai"

Kabla ya kazi kubwa tunaweka jaribio fupi la nambari, kwa sababu linamzoesha mshiriki hedifoni na pia linaonesha kwa haraka wapi Broadbent alibanwa. Yeye alicheza jozi tatu za nambari, jozi moja kila nusu sekunde, nambari moja kila sikio. Watu walizitaja kwa urahisi sikio kwa sikio, na kwa tabu sana jozi kwa jozi, jambo lililoonesha kwamba kichujio kinahama sikio kwa gharama. Mwaka 1960 Gray na Wedderburn wakachanganya nambari na maneno, na watu wakaanza kuruka kutoka sikio hadi sikio kwa kufuata maana.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kuanzia moja mpaka tisa, kila nambari ina silabi mbili, kwa hiyo zinalingana kwa urefu bila ya kuzikata. Seti yetu ya kwanza ni hii:

Kulia: mpe – saba – chai
Kushoto: tisa – mama – sita

"Mpe" ni m-pe na "chai" ni cha-i, kwa hiyo kila kipande ni silabi mbili. Mtu akijibu "mpe mama chai, tisa saba sita", amepanga kwa maana. Akijibu "mpe saba chai, tisa mama sita", amepanga kwa sikio. Seti ya pili ni "baba – nane – shamba" na "tatu – yuko – mbili". Tulijaribu pia "shikamoo bibi Khadija" na haikufaa: shikamoo lina silabi nne, likaingia juu ya neno linalofuata, na mshiriki alilisikia zaidi kwa sababu tu lilibaki peke yake mwishoni.

Siku ya 4. Kasi ya kusoma

Maandiko ya Kiingereza ya majaribio haya husomwa kwa kasi ya maneno mia na zaidi kwa dakika, mara nyingi karibu na 150. Kuinakili nambari hiyo kwa Kiswahili ni kosa, na tulilifanya katika rekodi ya kwanza: hakuna aliyeweza kufuatiza. Neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Hawakumwambia" ni silabi sita na bado ni neno moja. Kasi lazima ihesabiwe kwa silabi.

Mfano kutoka maandishi yetu: "Mvuvi alipofika pwani aliifunga ngalawa yake kwenye mti wa mkoko." Maneno 10, silabi 28. Kwa kasi ya silabi 4 kwa sekunde, sentensi hii inachukua sekunde 7, na dakika nzima inakaribia maneno 86. Kasi hiyo tumeiweka. Ikishuka chini ya silabi 3, mfuatizaji anapata nafasi ya kuchungulia upande wa pili kati ya neno na neno, na hapo hata kichujio cha mapema kabisa kitaonekana kuvuja. Ikipanda juu ya 5, makosa ya kufuatiza yanakuwa mengi kiasi kwamba hatujui tena umakini ulikuwa wapi.

Kila andiko lina maneno 150, yaani kama dakika moja na sekunde 45. Jozi ni tano. Katika kila jozi neno la kubonyezea linatokea mara nne kulia na mara nne kushoto, na halitokei mara mbili ndani ya sekunde 5, upande wowote. Jumla ni mara 20 kila upande kwa kila mshiriki.

Siku ya 5. Maneno ya kubonyezea

Siku nzima imekwenda kwenye maneno matano, na haikupotea bure.

Neno lisiwe na jirani wa sauti. "Kisima" tulilipenda, lakini maandishi yanayozungumzia Unguja na Pemba hayaishi "kisiwa", na mtu anayesikia nusu ya neno upande wa kushoto atabonyeza kwa kisiwa. "Nazi" lina kazi na ngazi. Shida ni kwamba nadharia ya Treisman yenyewe inasema neno lililopunguzwa linafika likiwa hafifu. Kwa hiyo majirani wa sauti wataongeza mibonyezo ya uongo upande ule ule tunaoupima. Yaliyobaki ni karafuu, kikapu, dirisha, mwavuli na pilipili.

La pili ni zito zaidi: muktadha. Treisman alieleza kwamba kila neno lina kizingiti, na kwamba sentensi inayoendelea hushusha kwa muda vizingiti vya maneno yanayotarajiwa. Katika lugha yetu utarajio huo unasukumwa pia na upatanisho wa ngeli. Tuseme kulia kunasomwa "wakapanda mlimani kuchuma…" na sekunde hiyo hiyo kushoto kunatajwa "karafuu". Mshiriki akibonyeza, si kwamba kushoto kumepita kwa nguvu zake. Sentensi ya kulia imemfungulia mlango. Vile vile kulia kukiwa na "akakichukua…", kiambishi -ki- kinaita kitu cha ngeli ya KI-VI, na "kikapu" cha kushoto kinapata msaada usiostahili. Hata kiambishi kimoja kinatosha kuharibu.

Kwa hiyo kila neno la kushoto limepitiwa hivi: simamisha sauti pale neno linapoanza, soma maneno matano ya kulia yaliyotangulia, mpe mtu asiyejua mradi ayamalizie. Akilitaja neno letu, au jengine la ngeli hiyo hiyo lililoitwa na kiambishi, andiko la kushoto linasogezwa. Maneno manane kati ya 20 yamesogezwa. Jozi ya 3 (dirisha) imeandikwa upya yote, kwa sababu maandiko yake mawili yalizungumzia nyumba.

Siku ya 7. Kurekodi

Chumba ni cha nyumba ya mawe Mji Mkongwe. Kuta nene za mawe na chokaa zinazuia vespa na wapita njia vizuri, ila ndani sauti inarudi. Mwangwi ni kasoro ya kipimo na si ya uzuri wa sauti tu: unaipa rekodi alama ya nje ambayo kichujio kinaweza kuishika. Tumetundika mablanketi matatu nyuma na pembeni mwa msomaji na kusimamisha godoro la sufi mbele ya mlango. Kipaza sauti kiko sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili p na b zisipige. Tunarekodi baina ya saa nane na saa tisa na robo mchana, baada ya adhuhuri na kabla ya adhana ya alasiri. Umeme ukikatika hatuendelei kwa jenereta. Muungurumo wake hubaki chini ya rekodi hata usipousikia kwa sikio.

Msomaji ni mmoja kwa pande zote mbili. Wengi huuliza kwa nini tusitumie mwanamke kulia na mwanamume kushoto. Jibu ni kwamba tofauti ya sauti inampa mshiriki ufunguo wa pili zaidi ya sikio, na tunataka ufunguo mmoja tu. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna neno linalorekodiwa peke yake na kubandikwa baadaye. Neno lililobandikwa linakuja na kimo kingine cha sauti na pumzi nyingine. Mshiriki atalisikia kama Cherry alivyoona watu wakisikia mlio mtupu, na sisi tutaandika kwa furaha kwamba maana imepita. Treisman na Riley, mwaka 1969, walionesha kwamba neno likisomwa kwa sauti tofauti hugunduliwa karibu kila mara hata upande usiosikilizwa. Kugundua kwa namna hiyo hakutenganishi nadharia yoyote na nyingine.

Kulinganisha ukubwa wa sauti: kila andiko limewekwa desibeli 65 katika programu ya sauti ya Praat kwa amri `Scale intensity: 65`. Amri hii inatazama wastani wa faili zima, kimya kikiwemo. Andiko ambalo nusu ya muda wake ni mapumziko litapandishwa desibeli 3 zaidi ili wastani utimie, na maneno yake yatakuwa makubwa kuliko ya mwenzake. Kwa hiyo kwanza tumekata mapumziko yote yasizidi sekunde 0.4, ndipo tukalinganisha.

Siku ya 8. Kuunganisha njia mbili, na hitilafu

Faili mbili zinaunganishwa kuwa moja kwa programu ya SoX, ya kwanza inakwenda kushoto:

```
sox -M kushoto03.wav kulia03.wav jozi03.wav
```

Mshiriki wa kwanza wa majaribio alibonyeza karibu kila neno la kushoto. Kwa muda tulidhani tumepata ushahidi wa kichujio cha mwisho. Ukweli ni kwamba faili lilikuwa limepita kwenye simu kama ujumbe wa sauti, likabanwa, njia mbili zikawa moja, na kila sikio likapata maandiko yote mawili. Anayesikia sauti mbili za msomaji yule yule katika sikio moja hana ufunguo wa nje wa kuzitenga, na jaribio linakuwa jengine kabisa. Sasa faili zinahamishwa kwa fleshi, hubaki WAV, na kila moja hupita kipimo hiki cha Python kabla ya kutumika:

```
import numpy as np, soundfile as sf
x, fs = sf.read("jozi03.wav")
print(fs, x.shape)
print(20*np.log10(np.sqrt((x**2).mean(axis=0))))
print(np.corrcoef(x.T)[0, 1])
```

Mstari wa pili wa matokeo ni ukubwa wa kila njia. Zisipishane zaidi ya desibeli 1. Wa tatu ni uwiano wa njia mbili: maandiko mawili tofauti hutoa namba iliyo karibu sana na 0. Ikikaribia 1, njia zimechanganyika. Mstari huo ukikwama kwa kosa, faili lina njia moja tu.

Kipimo hicho kinakagua faili, hakikagui kompyuta. Kompyuta moja ilikuwa imewashiwa sauti ya "kuzunguka" katika mipangilio yake, na hiyo huchota kidogo kutoka kushoto ikatia kulia. Kwa hiyo kuna ukaguzi wa mwisho wa mkono: cheza njia ya kushoto peke yake kwa kiwango cha jaribio, vaa hedifoni, ziba sikio la kushoto kwa kidole kirefu ndani ya kikombe chake, sikiliza kulia. Neno likifahamika kulia, jaribio lisianze. Hedifoni ziwe za waya na za kufunika sikio zima.

Siku ya 10. Jaribio la jina, kwa nafasi yake ndogo

Tunaliweka mwishoni, mara moja kwa kila mtu, kwa sababu baada ya mara moja kila mtu anategea. Hapa hakuna hadithi: pande zote mbili ni orodha za maneno, neno moja kila sekunde, kwa dakika tano na nusu, na jina linaingia kushoto baada ya dakika ya nne. Jina la mtu mwengine linaingia dakika ya tano kwa kulinganisha. Nusu ya washiriki wanapata kinyume chake.

Tatizo la Zanzibar ni kujua jina la mtu ni lipi. Lililo kwenye kitambulisho huenda halijaitwa nyumbani tangu mtu azaliwe. Dada wa makamo anaitwa Mama fulani na mtaa mzima, mwalimu wa skuli anaitwa Maalim, kijana ana lakabu ya mpirani. Kizingiti cha chini, kwa maelezo ya Treisman, kinatokana na neno kuwa na uzito kwa mtu kila siku, kwa hiyo linalotakiwa ni lile analogeukia akiitwa. Fomu ya kujiandikisha ina maswali kumi ya kawaida, na la sita linauliza nyumbani wanamwitaje. Likiulizwa peke yake, mshiriki ataelewa mapema.

Halafu baadhi ya majina yetu ni maneno. "Ali" ni mwanzo wa vitenzi visivyohesabika: alikuja, alisema, alipika. "Haji" ni mtu, na pia ni yule asiyekuja. Salama, Subira, Riziki, Amani na Mwaka ni majina na ni maneno ya kila siku. Mtu anayeitwa Ali amezoea kusikia "ali" mara elfu kwa siku bila ya kuitwa, na huenda jina lake lina kizingiti tofauti na cha Mwanakombo. Tumeamua kwamba wenye majina ya aina hiyo wafanye sehemu ya kubonyeza kama kawaida, wasiingie katika hesabu ya jina. Tunajutia kuwaacha, kwa sababu swali la Ali dhidi ya Mwanakombo ni zuri na linastahili mradi wake peke yake.

Kila mmoja anaombwa asisimulie kilichotokea mpaka wiki iishe. Darasa moja linapimwa siku moja, kwa kuwa habari katika mji mdogo haingoji kesho.

Siku ya 12. Kuvuja au kuteleza

Hii ndiyo sehemu tunayoiona ya maana kuliko zote. Mtu anapobonyeza kwa neno la kushoto, kuna njia mbili za kufika pale. Kichujio kinaweza kuvuja: umakini uko kulia muda wote, na neno la kushoto likapenya. Au umakini unaweza kuteleza: kwa sekunde moja mtu amehamia kushoto, akasikia neno kama unavyosikia neno lolote unalolisikiliza, kisha akarudi. Kuteleza hakupingani na Broadbent hata kidogo. Kuvuja ndiko kunakompinga. Ushahidi mwingi wa zamani uliotajwa kwa ajili ya kichujio cha mwisho ulilaumiwa baadaye kwa kutovitenga viwili hivi.

Tunavitenga kwa rekodi ya mfuatizaji mwenyewe. Sauti yake inarekodiwa pamoja na jozi, kisha kila mbonyezo wa kushoto unachunguzwa kuanzia sekunde 3 kabla ya neno mpaka sekunde 3 baada yake.

Mfano kutoka jaribio la awali, jozi ya 2, neno "kikapu". Kulia kulisomwa "wakapanda gari la shamba mpaka Bububu wakashuka karibu na msikiti". Mfuatizaji alisema "wakapanda gari la shamba… wakashuka karibu na msikiti", akabonyeza. "Mpaka Bububu" limepotea, na lilisomwa kabla ya "kikapu" kuanza kushoto. Huyu alikuwa ameshateleza. Mbonyezo unaandikwa, lakini hauhesabiwi kuwa ni kuvuja.

Mfano wa pili, jozi ya 4, neno "mwavuli". Maneno yote ya kulia kabla ya neno yamefuatizwa sawasawa, kuchelewa kwake ni kule kule kwa siku zote, na baada ya neno ndipo akababaika na kuacha maneno mawili. Hapa neno limepita kwanza na umakini ukalifuata. Wood na Cowan waliona alama hiyo hiyo kwa waliosikia jina lao: kufuatiza kuliharibika mara tu baada ya jina. Mwaka 2001 Conway, Cowan na Bunting walionesha kwamba waliosikia jina walikuwa asilimia 65 katika kundi lenye uwezo mdogo wa kumbukumbu ya kazi, ile inayoshikilia mambo akilini wakati wa kuyatumia, na asilimia 20 katika lenye uwezo mkubwa. Sisi tunasoma hapo kwamba sehemu nzuri ya "athari ya karamu", yaani kusikia jina lako upande usiousikiliza, ni kuteleza kwa wale wanaoshindwa kukaa upande mmoja, na ndiyo maana tunashikilia ukaguzi huu hata ingawa unakula saa mbili kwa kila mshiriki.

Siku ya 13. Namna ya kusoma namba

Mbonyezo unahesabiwa ukitokea ndani ya sekunde 2 tangu neno lianze. Ndani ya muda huo mbonyezo unaweza kuangukia kwa bahati tu, kwa hiyo katika kila andiko tumechagua pia nyakati nne zisizo na neno na kuzihesabia sekunde 2 zile zile. Tuseme mshiriki amebonyeza kwa maneno 3 kati ya 20 ya kushoto, na mara 1 kati ya nyakati 20 tupu. Chake ni 2 kati ya 20, asilimia 10. Moja kati ya mibonyezo mitatu ikiwa ni ya kuteleza, kinabaki 1 kati ya 20.

Broadbent mkali anatazamia kushoto kubaki sifuri baada ya kutoa bahati na kuteleza. Treisman anatazamia kidogo kisichokuwa sifuri, na zaidi pale muktadha unaposaidia. Akina Deutsch wanatazamia kulia na kushoto kukaribiana, kwa sababu neno ni lile lile, agizo ni lile lile, na jibu ni kidole kile kile.

Akina Deutsch wenyewe walijibu matokeo ya Treisman na Geffen ya 1967: neno la kulia lina majibu mawili, kulitamka na kulibonyezea, kwa hiyo lina uzito zaidi hata kama yote yametambuliwa. Pingamizi ni la haki. Treisman na Riley walilijibu kwa kumtaka mtu aache kufuatiza mara tu anaposikia neno, upande wowote, na upande uliofuatizwa bado ukaongoza. Jozi mbili kati ya tano tumezigeuza kuwa hivyo. Maelezo ya jozi hizo, yanayosomwa na mtu na si kwa rekodi, ni haya:

"Karibu. Utasikia sauti mbili kwa pamoja, moja kila sikio. Ya sikio la kulia uirudie kwa sauti, neno kwa neno, usingoje sentensi iishe. Ukisikia neno *pilipili*, kulia au kushoto, nyamaza hapo hapo na ubonyeze. Usilitamke. Kisha endelea na kulia."

Bila ya "usilitamke" watu hulitamka kwanza, na pingamizi linarudi lilivyokuwa.

Siku ya 14. Hali ilivyo

Jozi 1, 2, 4 na 5 zimepita kipimo cha njia na ukaguzi wa mkono. Nusu ya washiriki watafuatiza kushoto badala ya kulia, kwa kuzigeuza hedifoni, na hilo linaandikwa kwenye fomu kabla ya kuvaa. Jozi ya 3 imesomwa upya leo. "Dirisha" la tatu la kushoto limetoka kwa mkazo kuliko mengine na linasomwa tena kesho pamoja na sentensi yake nzima. Ikipita, washiriki wa kwanza wanaingia Jumatatu saa nane kamili mchana.